Ujumbe kwa bosi kutoka wodini

Meneja wetu haamini ugonjwa usio na karatasi. Ni mtu wa umri wa baba yangu, kazi za bandari kazianza enzi za taipureta, na kila asubuhi saa mbili kamili anachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari kwenye kitabu cha mahudhurio. Ukiingia saa mbili na dakika tatu unasaini chini ya mstari, na mwisho wa mwezi waliosaini chini ya mstari wanaitwa mmoja mmoja. Si mkatili. Nimewahi kumwona akimkopesha mlinzi ada ya mtoto bila hata kumuuliza atarudisha lini. Ila hadithi ndefu hana muda nazo, na neno "naumwa" amelisikia Jumatatu nyingi mno.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, huku Kurasini, Dar es Salaam. Kazi yangu ni mafaili ya makontena: bili ya shehena imefika, delivari oda imetoka, kodi imelipwa, tozo za bandari zimelipwa, gari limeingia kuchukua mzigo. Kila kontena lina siku zake za bure bandarini, na zikiisha, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila kukicha. Kwa hiyo karani asipoonekana siku moja, kwa bosi hiyo ni hela inayotoka na mteja atakayepiga simu akifoka.

Nayaandika haya kwa sababu ya dereva wetu mmoja. Aliugua akiwa kwao mikoani, akakaa huko zaidi ya wiki, na mtu pekee aliyejua ni utingo wake. Aliporudi na cheti cha hospitali mkononi, alikuta barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kanuni za utendaji bora, zile za Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, zinahesabu kutoonekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika kuwa kosa zito linaloweza kumwachisha mtu kazi. Sababu alikuwa nayo, na ya kweli kabisa, lakini wiki nzima ilikaa mfukoni mwake. Kikao kilimalizika vibaya. Tangu hapo nilijua kwamba kuumwa ni jambo moja na kutoa taarifa ya kuumwa ni jambo jingine, ingawa sikujua kwamba taarifa hiyo nitaiandika nikiwa nimejikunja kitandani.

Ilianza Jumapili jioni baada ya chakula. Maumivu yalikuwa kitovuni, ya kuzunguka tu, nikadhani gesi. Nikanywa dawa ya tumbo, nikajilaza. Kufika saa tano usiku yalikuwa yamehama, yameshuka kulia chini ya tumbo na kutulia hapo, na kila nikikohoa nilihisi kama nachanwa. Nikatapika. Dada yangu, ambaye nakaa kwake, hakuniuliza mara mbili. Akaita bajaji. Hospitali walinibonyeza tumbo, wakatoa damu, wakanipiga utrasaundi, na ilipofika alfajiri daktari akasema ni kidole tumbo, kimevimba, kinatakiwa kutolewa asubuhi hiyo kabla hakijapasuka. Nisile, nisinywe hata maji. Nikasaini fomu ya kukubali upasuaji, nikapelekwa wodi ya wanaume kusubiri zamu yangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka Jumatatu.

Faili la kontena la futi 40 la mteja wa matairi lilikuwa mezani kwangu. Namba ya malipo ya tozo za bandari ilikuwa imetoka Ijumaa alasiri, na siku za bure za kontena lile zilikuwa zinaishia siku hiyo hiyo ya Jumatatu. Delivari oda halisi ilikuwa kwenye droo ya juu. Ufunguo wa droo ulikuwa kwenye suruali yangu, na suruali ilikuwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda cha hospitali. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia kumi na kitu. Mkono wa kulia ulikuwa na kanula na dripu, kwa hiyo nilikuwa naandika kwa dole gumba la kushoto, herufi moja moja, na kila nikikunja kiwiko cha kulia dripu inasimama na nesi anakuja kunigombeza.

Nilichoandika mwanzo kilikuwa hivi, nakumbuka vizuri kwa sababu sikukifuta, kilibaki kwenye simu:

"Shikamoo bosi. Naomba unisamehe sana sana bosi wangu, sijui hata nianzie wapi. Tangu jana jioni tumbo lilikuwa linaniuma nikadhani ni gesi, nikanywa dawa lakini halikupoa, baadaye likahamia upande wa kulia, nimetapika usiku kucha, wamenipima damu wamesema seli nyeupe zimepanda, naomba sana usinichukulie vibaya, Mungu ni shahidi yangu..."

Na iliendelea. Mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amelazwa kwa ajili ya ngiri, aliomba nimsomee. Akasikiliza hadi mwisho, akaridhika kabisa. "Hapo sawa, mwanangu. Bosi huwa anaombwa, haelezwi. Ongeza na 'kwa unyenyekevu mkubwa'." Dada yangu yeye alitaka nipunguze maneno na kuongeza uzito: "Mwandikie uko mahututi, basi. Nani atauliza?"

Nilikuwa karibu kuituma. Kilichonizuia ni kitu kidogo sana. Nilikuwa nimeshawahi kuiona simu ya meneja ikiwa mezani kwake, ujumbe ukiingia. Kioo kinawaka, kinaonyesha jina la mtumaji na mistari miwili ya mwanzo, halafu kinazima. Yeye huangalia kwa jicho la pembeni na kuendelea na kazi. Mistari miwili ya mwanzo ya ujumbe wangu ilikuwa inasema nini? Kwamba namwamkia, naomba msamaha, na sijui nianzie wapi. Mtu anayepokea ujumbe wa namna hiyo saa moja asubuhi ya Jumatatu hahitaji kuufungua. Ameshajua ni wale wale.

Nikausoma tena nikijifanya mimi ndiye yeye, niko kwenye foleni ya Kilwa Road, nina ofisi ya kufungua. Sikuona mahali popote palipoandikwa waziwazi kwamba leo sifiki. Sikuona neno lolote kuhusu kontena. Niliona historia ya tumbo langu kuanzia kitovuni. Ule ujumbe ulikuwa unanihudumia mimi na hofu yangu, na kumwachia yeye kazi yote ya kuuliza maswali. Kuhusu ushauri wa dada, mahututi ni neno linalodaiwa ushahidi. Cheti kikija kikasema kidole tumbo, mgonjwa ameruhusiwa siku ya tatu, basi hata lililokuwa kweli litatiliwa shaka.

Nikaanza upya. Nikajiuliza maswali ambayo meneja angeniuliza kwa simu, kwa ukali wake na kwa mpangilio wake: Uko wapi? Unakuja au huji? Faili la matairi liko wapi? Nani analishika? Utarudi lini? Nikayajibu kwa mpangilio huo huo. Huu ndio uliotoka, majina na namba nimeviondoa:

"Shikamoo Meneja. Leo Jumatatu sitafika kazini. Nimelazwa hospitali tangu usiku, nafanyiwa upasuaji wa dharura asubuhi hii.

La haraka ni faili la kontena la matairi. Tozo za bandari zinatakiwa kulipwa leo, siku za bure zinaishia leo. Namba ya malipo iko kwenye barua pepe niliyokutumia wewe na mhasibu Ijumaa alasiri. Delivari oda halisi iko droo ya juu ya meza yangu, bahasha ya kaki. Ufunguo wa droo unaletwa na bodaboda, utafika mapokezi kabla ya saa tatu. Mwenzangu wa meza ya pili analijua faili hili, tulilifungua pamoja.

Mafaili mengine mawili yaliyo mezani yanasubiri wateja, hayana la kufanya leo.

Siku za mapumziko daktari bado hajaandika. Nikipewa cheti nitatuma picha siku hiyo hiyo na karatasi halisi italetwa ofisini. Nikiwa chumba cha upasuaji simu yangu atakuwa nayo dada yangu. Kesho kabla ya saa sita mchana utapata taarifa nyingine, kutoka kwangu au kwake."

Nifafanue vipande viwili vitatu, maana ndivyo vilivyonichukua muda.

Shikamoo niliiacha. Wapo watakaosema ujumbe wa kikazi haufai kuwa na shikamoo, uanze na "Yah:" kama barua. Kwangu mimi yule ni mtu mzima ninayemwamkia kila siku, na siku ninayolala hospitali si siku ya kuanza kumnyima. Ila ni neno moja, na baada yake inakuja habari yenyewe. Msamaha niliutoa wote. Sikuwa nimefanya kosa, na ukiomba radhi kwa kuugua unamfundisha mwenzako kwamba ana kitu cha kukusamehe.

Ugonjwa sikuutaja. Niliandika upasuaji wa dharura, inatosha kumwonyesha uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini hata bila sheria, ofisi yetu ina kundi la WhatsApp la watu wote mpaka madereva, na najua ujumbe unavyosambazwa pale. Kidole tumbo hakina aibu, ni kweli. Mwakani unaweza kuwa na jambo lenye aibu, na watu watakuwa wameshazoea kuambiwa kila kitu. Ndiyo maana pia sikupiga picha ya mkono wenye dripu. Picha ile inaomba huruma, na kwa mtu wa karatasi huwa haithibitishi lolote.

Kipande kigumu kilikuwa tarehe ya kurudi. Kidole kinakimbilia kuandika "nadhani Alhamisi nitakuwepo." Inapendeza, inampoza bosi. Lakini nilikuwa sijafanyiwa hata upasuaji. Kama kidole tumbo kingekutwa kimepasuka, ningelala wiki na zaidi. Ahadi ya Alhamisi ikivunjika, kuanzia hapo kila tarehe utakayotaja itakuwa ya kujaribu bahati. Nikaona badala ya kuahidi siku ya kurudi, niahidi saa ya taarifa inayofuata. Hiyo ninaweza kuitimiza hata nikiwa sijitambui, almradi dada yupo.

Halafu njia ya kutuma. Meneja huzima data usiku na huiwasha akishafika ofisini. Kwa hiyo ujumbe mrefu niliutuma WhatsApp na kwa barua pepe, nikimnakili afisa utumishi kwenye barua pepe ili ubaki mahali penye tarehe na saa. Kisha nikatuma meseji ya kawaida ambayo itaita hata data ikiwa imezimwa: "Shikamoo Meneja. Leo sitafika kazini, nimelazwa hospitali, nafanyiwa upasuaji wa dharura asubuhi hii. Maelezo ya faili nimetuma WhatsApp na barua pepe." Hiyo inaingia ndani ya herufi 160, ambazo ndizo meseji moja ya kawaida inabeba. Usiweke vile vikatuni vya kulia au kuunganisha mikono, kimoja tu kinashusha nafasi mpaka herufi 70 na ujumbe unakatwa vipande, na kwenye simu nyingine vipande vinafika vimepishana.

Ufunguo nao. Dada alitafuta bahasha, akapata ile ndogo ya kuwekea vidonge, akautia humo, akaubana kwa plasta ya hospitali na kuandika jina langu na neno "droo" juu yake. Bodaboda alitaka shilingi 8,000 kutoka pale hadi Kurasini, tukampa. Kuna watakaoniona mjinga kulipia ofisi nauli ya ufunguo nikiwa mgonjwa. Nilipiga hesabu nyingine: ufunguo ukikosekana droo itavunjwa mbele ya watu, na kitakachopotea humo siku za usoni kitakuwa na jina langu.

Vyote vilitoka kabla ya saa moja na nusu. Nikampa dada simu, nikamwambia meneja akiuliza zaidi ajibu kwa ufupi na asijieleze.

Akauliza, bila shaka. Dada alinionyesha baadaye. Saa mbili na dakika kadhaa, bila pole wala habari: "Upasuaji wa nini?" Dada akajibu, "Wa tumbo. Ameshaingia ndani. Akitoka nitakujulisha." Ikapita kama saa nzima, ndipo ikaja nyingine: "Ufunguo umefika. Pole." Malipo yalifanyika mchana.

Upasuaji ulienda salama, kidole kilikuwa hakijapasuka. Jumanne kabla ya saa sita nikamwandikia meneja mistari miwili kama nilivyoahidi, na Jumatano nikaruhusiwa na cheti changu cha mapumziko, ED ya siku 14. Hapa ndipo kulipotokea kasoro ambayo sikuitegemea, na ambayo ingeweza kunigharimu kuliko ujumbe wote wa Jumatatu.

Daktari aliyeniruhusu hakuwa yule aliyenipokea. Aliandika ED kuanzia siku ya kutoka wodini. Siku mbili nilizolala hospitali hazikuwemo. Kwake yeye ilikuwa wazi kwamba mtu aliyelazwa hayupo kazini, nani atauliza? Afisa utumishi aliuliza. Nilituma picha ya cheti mchana ule ule, na kabla ya jioni akajibu kwamba Jumatatu na Jumanne hazina cheti, kwa hiyo ataziandika utoro mpaka nilete uthibitisho. Halafu jina: mapokezi usiku ule dada alitaja majina yangu mawili, na la kati waliliandika kwa jinsi lilivyosikika. Mkataba wangu una majina matatu.

Mimi sikuweza kurudi. Kupanda bajaji na mshono mbichi kwenye barabara za kwetu ni adhabu. Dada akaomba ruhusa kazini kwake, akaenda na kitambulisho changu cha taifa, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi daktari mhusika alipotoka chumba cha upasuaji. Akapata cheti kipya chenye majina matatu, kinachoanzia tarehe ya kulazwa, pamoja na karatasi ya muhtasari wa kulazwa inayoonyesha siku ya kuingia na ya kutoka. Nauli na chakula vilikula zaidi ya 20,000, na siku moja ya kazi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla hujavua nguo za wodi, soma cheti chako ukiwa bado na daktari mbele yako. Angalia majina kama yanavyosomeka kwenye mkataba wa kazi. Angalia cheti kinaanza lini, na kiwe kinaanza siku uliyokosa kazi, si siku uliyotoka hospitali. Angalia jina la daktari, sahihi na muhuri, na kama ana namba ya usajili aiandike, maana sheria inataka cheti cha daktari aliyesajiliwa. Piga picha ya karatasi yote, pembe nne zionekane, kabla haijakunjwa na kulowa jasho mfukoni.

Karatasi ilipokaa sawa likaja jingine. Afisa utumishi akanipigia simu, sauti ya upole kabisa: "Ndugu yangu, kwa nini tusizikate hizi kwenye likizo yako ya mwaka? Una siku nyingi bado. Kumbukumbu zako zinabaki safi." Kwa sauti ile ilikuwa rahisi kusema sawa. Nilimwomba anitumie wazo hilo kwa barua pepe, na mimi nikamjibu kwa barua pepe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Sitini na tatu za mwanzo ni kwa mshahara kamili, sitini na tatu zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Sheria hiyo hiyo hairuhusu likizo ya mwaka ichukuliwe badala ya likizo nyingine ambayo mfanyakazi anastahili. Hayo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira, na aliye na utumishi wa chini ya miezi sita asome vizuri kwanza, kwa kuwa haki ya likizo ya malipo kwa kawaida huanzia hapo.

Barua pepe ile nilimnakili meneja, nikiogopa. Nilidhani ataona ninamfundisha kazi. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja kwenda kwa afisa utumishi: "Cheti kipo? Kama kipo, fuata sheria." Yule yule asiyeamini ugonjwa usio na karatasi, karatasi ikiwepo haoni cha kubishana. Huo ukali tunaouogopa una upande wa pili, ukimpa kitu anachokiheshimu.

Mshahara ulikuja kamili. Posho ya nauli na ya chakula zilikatwa kwa siku ambazo sikuwepo, kwa sababu mkataba wangu unazifunga na mahudhurio. Nilikasirika, nikausoma mkataba, nikanyamaza. Na nilirudi kazini nikiwa na sharti la kliniki: nisibebe kitu kizito mpaka nitakapoambiwa. Maboksi ya mafaili ya zamani kule stoo ni mazito, na makarani ndio huyahamisha. Hilo nalo nililiomba liandikwe kwenye karatasi ya kliniki, nikampelekea meneja mkononi. Akaisoma, akaichomeka kwenye jalada langu, akaniambia nikae.

Wiki chache baadaye mwenzetu wa dirisha la malipo, mjamzito wa miezi saba na presha inayopanda na kushuka, aliniomba nimtumie ujumbe wangu ule ili autunze. Nikamwambia ule ni wa mafaili, hautamfaa ulivyo. Yeye anashika pesa. Tukakaa mchana mmoja tukauandika wa kwake: kiasi cha fedha kilichobaki kwenye kisanduku kwa hesabu ya jana jioni, stakabadhi ya mwisho iliyokatwa ni namba ngapi, nani alishuhudia akihesabu, ufunguo wa akiba uko wapi. Kila jioni kabla ya kutoka anabadilisha tarakimu hizo kwenye simu, na ameihifadhi pia kwa mumewe, ambaye nimemwomba asiongeze neno mahututi.